Bipu Moja Tu

Dada yangu Nyamvula ana tuktuk, ana mdomo, na kwa miaka sita yeye ndiye anayewapeleka wajawazito wa Mtopanga hospitalini. Nyuma ya tuktuk aliandika kwa rangi nyekundu, na nambari yake chini: BIPU MOJA TU, NAPIGA MIMI. Mwenye uchungu wa kuzaa asihangaike na salio, alisema. Na ole wako ubipu mara ya pili! "Kwani mimi kiziwi?" Watu wakazoea. Unabipu, unakaa kitako, Nyamvula yuaja.

Ugonjwa wake ulikuwa TikTok. Mimi Jumwa nalala naye chumba kimoja, najua. Mpaka saa nane usiku kioo kinamulika ukuta, naye anacheka peke yake kama mwehu. Mwezi wa tatu akasinzia mchana kweupe akiendesha, tuktuk ikaparamia ngazi za duka, abiria akapasuka mdomo. Aliporudi nyumbani akanitupia simu. "Jumwa, nitaua mtu," akasema, akalia.

Tukakaa na simu yake. TikTok tukaiwekea nusu saa kwa siku. Ikiisha, alama yake inafifia na haifunguki mpaka kesho. Halafu tukapanga saa za kulala, saa nne usiku mpaka saa kumi na nusu alfajiri, kioo kigeuke kijivu na simu isilie. Simu ikataka kujua nani aruhusiwe kupita. Mtu unaweza kumwekea nyota, akipiga inalia hata usiku wa manane.

"Mwekee Velma," nikasema. Velma ni jirani yetu, ndiyo mimba yake ya kwanza, na mumewe Bonface hufanya kazi ya usiku bandarini. Nyamvula alikuwa amemwapia Bonface kwamba atampeleka yeye, akae kazini roho ikiwa tulivu.

"Nina wajawazito wanne, na kila mmoja anabipu kwa simu ya yeyote aliye karibu. Nyota nimpe nani?" Akawasha kitu kingine: nambari moja ikipiga mara mbili ndani ya dakika kumi na tano, simu ilie. "Mwenye shida hupiga mara mbili."

Nami, mjinga mwenzake, nikaitikia.

Alilala, jamani. Wiki tatu alilala kama mtoto, akaacha hata kunigombeza. Nilimshukuru Mungu kwa ile simu.

Jumatano nimeamka saa kumi kukanda mahamri. Ilipofika kumi na nusu kioo kikarudi rangi. Nyamvula akanyoosha mkono, akatazama, akaketi wima.

"Velma kanibipu."

"Saa ngapi?"

Nikamnyang'anya simu. Saa nane na dakika kumi. Mara moja.

Akapiga. Ikaita weee, haikushikwa. Tulitoka na kanga tulizolalia, mikono yangu ina unga mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nikiomba kwa sauti, sijui hata nilisema nini.

Velma tulimkuta kwenye kizingiti cha nyumba yake, begi la mtoto mapajani, ameegemea mlango. Simu ilikuwa chini, imemponyoka. Kanga imelowa, na maji ya uzazi yalikuwa ya kijani, dalili kwamba mtoto anataabika tumboni.

"Umekuja," akasema. Hakulaumu. Afadhali angetutukana!

Nyamvula aliendesha. Mimi nyuma nimemshika Velma, namwambia asisukume, naye ananiuma bega. Hospitalini wakamkimbiza moja kwa moja kwenye upasuaji. Nesi akatugeukia: "Mlikuwa wapi na huyu mama mpaka saa hizi?"

Mtoto alitolewa hai, msichana, lakini hakulia. Siku tatu alikaa na mpira wa hewa puani. Siku tatu Nyamvula hakugusa chakula. Aliwawekea nyota wote wanne, na waume zao, na majirani zao. Siku ya nne mtoto akalia, tukaruhusiwa kuingia.

Nyamvula akapiga magoti kando ya kitanda. "Velma, nisamehe. Kama ungekuwa na salio la kupiga tena, ingelia."

"Salio nilikuwa nalo, dada," Velma akasema. "La kupiga mara kumi. Lakini umeandika bipu moja, nikaona haya kukusumbua."

Jioni ile nilimkuta Nyamvula nyuma ya tuktuk na kitambaa cha mafuta ya taa, anasugua. Maandishi yalikuwa yameshatoka zamani. Alikuwa bado anasugua.