Orodha ya Hali ya Mtu

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na kibaraza katika mtaa wa Shari, mjini Bunia, nyuma ya duka la misumari. Tulikuwa watatu. Kiongozi wetu alikuwa ameongoza shule ya sekondari huko Djugu mpaka shule ilipochomwa, na watu waliendelea kumwita Prefe, yaani mkuu wa shule. Mimi nilikuwa sekretari. Wa tatu alikuwa mama mmoja, mwalimu wa msingi, ambaye naye alikuwa amekimbia Djugu. Alilala na watoto wake katika kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa pembeni mwa mji, asubuhi alikuja kwa miguu, akafungua daftari, akasikiliza watu. Tulimwita Mama tu.

Kazi yetu ilikuwa kuandikisha familia zilizokimbia, ili wafadhili wa Kinshasa wajue wapeleke wapi turubai na sufuria. Fomu ilikuwa ya Word, na Word ilitutesa. Tuliituma kwa wenzetu wa Tchomia na Kasenyi, kule ziwani, na kila mmoja aliirudisha na sura nyingine. Mtu akiandika jina juu ya mstari wa vistari, vistari vinasukumwa mpaka ukurasa wa pili. Mwingine alifuta swali zima bila kujua. Mwingine badala ya kuweka alama kwenye kisanduku aliandika neno ndiyo pembeni, kisanduku kikashuka chini.

Siku moja barua pepe ilifika kutoka Kinshasa. Mwanamke aliyeshughulikia data kwa wafadhili alisema hawatapokea tena Word. Walitaka PDF ya kujazwa, maswali yakae mahali pake na majibu yaingie moja kwa moja kwenye jedwali lao.

"Binti," Prefe aliniambia, "weye ulisoma mambo ya ordinateur. Utaweza?"

Kompyuta nilikuwa nimeisoma kidogo, nikasema nitajaribu. Kulikuwa na umeme wa jenereta ya duka kwa saa chache za mchana, na programu ya PDF ilikuwa imewekwa kwenye kompyuta yetu na mradi uliopita.

Nilianza kwa kusafisha ile Word. Nikaondoa vistari vyote, nikaweka majedwali yenye vyumba vitupu, nikahifadhi kama PDF. Kisha nikaifungua kwenye programu na kuiambia iandae fomu. Ilipita yenyewe juu ya ukurasa, na kila palipokuwa na chumba kitupu ikaweka uwanja wa maandishi. Visanduku vya mume na mke ilivikosea, ikadhani ni mahali pa kuandika. Nikavifuta, nikachora visanduku vya kuweka alama kwa mkono. Vyote viwili nikavipa jina moja na thamani tofauti, ili ukiweka alama kwa mke, ile ya mume iondoke.

Safu za watoto nilizitengeneza kwa kunakili safu ya kwanza. Mama alikuwa wa kwanza kujaribu. Aliandika jina la mtoto wake mkubwa, na jina likatokea kwenye safu zote mpaka chini.

"Angalia," alisema, "batoto yangu yote sasa iko na jina moja. Nikiita mumoja, wote watakuya."

Alicheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nimjue. Nikamweleza kwamba sehemu zenye jina moja ndani ya PDF huchukua jibu moja, basi nikabadilisha kila moja: mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akajaribu tena, na kila mtoto akapata jina lake.

Zikabaki orodha za kuchagua. Ya kijiji ilikuwa rahisi. Niliweka vijiji nilivyovijua, kisha nikaruhusu mtu kuandika chake kama hakimo, kwa sababu hakuna aliyekuwa na orodha kamili, na vingine havikuwa na nyumba hata moja tena. Mwanzo wa orodha niliweka nafasi tupu na kuiacha ndiyo inayoonekana, maana bila hivyo programu ingeonyesha kijiji kimojawapo, na mtu mwenye haraka angekiacha hapo.

Orodha ya mwisho ilihusu kila mtu wa familia: hali yake. Kinshasa ndio walioleta majibu, matatu tu. Yupo. Amekufa. Yuko mahali pengine. Aliyechagua la tatu alitakiwa kujaza uwanja wa mahali na uwanja wa simu ya kule, ambao ulipokea tarakimu peke yake.

Mama alifika hapo alipokuwa akijaribu. Alijaza wale watoto wawili aliokuwa nao kambini: yupo, yupo. Kisha safu ya binti yake mkubwa. Alibonyeza kimshale, orodha ikafunguka, akaisoma, akaifunga. Akaifungua tena.

Nilijua habari yake kidogo. Siku ya kukimbia, binti alikuwa ametangulia na majirani kwa njia ya kushuka ziwani. Mama alikuwa nyuma na wadogo. Risasi zilisikika upande ule. Mama akapita njia nyingine. Majirani wale hakuna aliyewaona tena, wala Tchomia, wala Kasenyi, wala ng'ambo ya ziwa, Uganda.

"Ya kwangu haiko hapa," alisema.

"Unataka niweke nini?"

Alifikiri. "Acha batu baandike benyewe. Kama ulivyofanya kwa kijiji."

Nikafungua sifa za orodha ile na kuruhusu maandishi ya mtu mwenyewe. Mama akaandika: tunamungojea. Neno likakaa ndani ya uwanja vizuri. Nikaweka kitufe cha Tuma chini, nikafanya sehemu za lazima ziwe za lazima, tukapeleka fomu ziwani na kambini.

Kwa majuma kadhaa nilikuwa na furaha ambayo sasa naona haya kuikumbuka. Fomu zilirudi zikiwa zimenyooka. Hakuna mstari uliokimbia. Mwenzetu wa Tchomia alipiga simu kusema kwamba kwenye simu yake anaona fomu lakini hawezi kuandika. Nikamwambia asiifungue ndani ya ujumbe, aihifadhi kwanza, aifungue kwenye kompyuta ya misheni. Ikakubali. Prefe alitembea huku na huko akisema hata Kinshasa wataona kwamba Bunia kuna watu.

Nilipokuwa nikizipitia, nilisoma yale watu waliyoandika kwenye hali. Alikuwa nyuma yangu. Hatujue. Alirudi kuchukua mbuzi. Walimuchukua. Iko njiani. Uwanja ulikuwa mfupi, sentensi nyingine zilikuwa ndefu, ilibidi nibonyeze ndani na kusogea kwa vitufe mpaka mwisho ili nisome zote.

Kisha Kinshasa wakajibu. Faili zote zenye maandishi kwenye hali zilirudishwa. Jedwali lao lilikuwa na majibu matatu, na familia yenye jibu la nne haikuhesabiwa kuwa imekamilika. Familia isiyokamilika haiingii kwenye mgao. Waliomba orodha ifungwe tena, na faili zitumwe upya haraka kwa sababu mgao ulikuwa karibu.

Prefe alipiga simu. Nilimsikia akiwa kibarazani, sauti yake ya shule.

"Madame, siye hatujue bako wapi. Hawa batu hawako mahali pengine, na hawajakufa mbele ya macho yetu. Ongeza jibu moja tu. Ametoweka. Neno moja."

Akasikiliza jibu.

"Ndiyo, naelewa. Ndiyo. Mfumo."

Alirudi ndani, akaketi. "Anasema fomu ilisainiwa na watu wengi kule juu. Kubadilisha itachukua miezi. Mvua haitangoja miezi."

Nikaifunga orodha. Nikahamisha majibu ya zamani kwenye fomu mpya, majina na umri vikaenda mahali pake, na uwanja wa hali wa waliorudishwa nikauacha kwenye ile nafasi tupu. Nilijaribu kutuma moja hivyo hivyo. Programu ilikataa, ikasema kuna sehemu ya lazima haijajazwa, ikaizungushia rangi nyekundu. Ningeweza kuondoa ulazima kwa kubonyeza mara moja. Lakini tupu nayo wangeirudisha.

Mama alibeba kompyuta kambini, betri ikiwa imejaa, nikamfuata. Aliita familia moja moja, akawaeleza. Hakuwadanganya. Aliwaambia turubai iko upande wa majibu yale matatu, na neno lao haliko kwenye mashini. Baba mmoja aliuliza kama anaweza kusema Uganda. Mama akamwambia wataomba namba ya simu ya Uganda. Mtu yule alitikisa kichwa. Hakuwa na namba.

"Basi andika amekufa," alisema. "Mungu anajua si mimi niliyesema."

Mke wake aliinuka, akaondoka bila kutazama nyuma. Wengine walisema hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Bibi mmoja alikataa kabisa, akasema heri familia yake inyeshewe. Fomu yake tuliiacha.

Tuliporudi ofisini ilibaki ya Mama. Alivuta kiti karibu na changu. Orodha ilikuwa imefunguka, majibu matatu chini ya nafasi tupu.

"Bonyeza weye," alisema.

"Mama, tunaweza kuiacha yako. Kama yule bibi."

"Bale wadogo wanalala chini. Bonyeza."

Nikabonyeza jibu la pili. Alikuwa akitazama mlango. Nikabonyeza Tuma, na safari hii hakuna rangi nyekundu iliyotokea popote.

Mgao haukufika kwetu. Tulisikia kwamba magari yalielekezwa kwenye kambi nyingine baada ya shambulio jipya, na labda ilikuwa kweli, kule nako watu walikuwa wanalala nje. Mvua ilifika. Mama alinijia asubuhi moja, nguo zake zikiwa na maji mpaka kiunoni, akauliza kama tunaweza kubadilisha lile jibu.

Nilifungua faili yake. Katika nakala yetu ningeweza kuchagua lolote, hata yupo. Nakala ya Kinshasa haikuwa mikononi mwangu. Niliandika barua pepe, Prefe akaandika ya kwake, na Mama akakaa nasi tukingoja mpaka jenereta ilipozimwa. Hakuna aliyejibu, siku ile wala baadaye. Mradi ulifungwa kabla ya mwaka kuisha, na Prefe akarudisha funguo kwa mwenye duka.

Mama alishuka Kasenyi mara moja, njia ilipofunguka, akauliza kwa watu wa mashua na kwa wanawake wanaokausha samaki. Aliporudi nilimkuta sokoni akiuza mboga za majani juu ya gunia. Nilimuuliza kama alipata habari yoyote.

"Hapana," alisema, akanifungia mchicha niliokuwa nimeuchagua. "Batu ya kule nabo iko na batu yao yenye banatafuta."