Safinah Aligoma Kutia Sahihi

Wiki ile sote kiwandani tulimchukia Safinah, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nipo getini, hapa Kawempe, napima betri chakavu zinazoletwa kuyeyushwa. Lori linapanda mzani, naandika kilo kwenye kompyuta, nabonyeza, halafu nangoja. Mwaka huu kungoja kulifika dakika nne. Malori yakajipanga mpaka barabarani, madereva wakinitukana kwa Luganda na Kiswahili, kana kwamba mashine nimeizaa mimi.

Khisa, kijana Mkenya anayetunza mfumo wetu, alitueleza sababu. Mfumo ni mmoja kwa kila kitu: mzani, ghala, mauzo, wafanyakazi. Tangu 2011 haujapunguzwa hata mstari. "Kila mama akibonyeza, unapekua miaka yote hiyo." Dawa yake ilikuwa nyepesi: kila kilichopita miaka saba kihamie kwenye seva ya pembeni, kisomeke tu bila kubadilishwa, na baada ya mwaka kifutwe kabisa. Sheria ya kodi inadai miaka mitano, akasema, yeye ameongeza miwili ya tahadhari.

Kwa desturi yetu, mkuu wa kila kitengo hutia sahihi kwenye orodha ya vinavyoondoka. Mimi nilisaini kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chapati. Wote tulisaini hivyo, ila Safinah wa ofisi ya wafanyakazi, na bila sahihi yake hakuna kinachohama.

Safinah ni Mnubi wa Bombo, mjane, mwembamba kama mwiko, na hasomi karatasi bila kufuata mstari kwa kidole. Miaka kumi na minne ameandika yeye mwenyewe vipimo vya damu vya watu wa tanuri. Risasi, ile madini ya ndani ya betri, huingia mwilini kimyakimya, kwa hiyo kila miezi sita watu hao hupimwa. Maabara iliyopima zamani ilishafungwa, namba zake zimebaki kwenye mfumo tu.

Na mwezi ule mzee Dawudi, wa tanuri tangu siku ya kwanza, alikuwa ameanza kutetemeka mikono. Daktari alitaka vipimo vyake vyote, toka cha kwanza, aone kama ni risasi au ni uzee.

Nilimfuata Safinah ofisini. "Nnyabo, malori yamefika sokoni kwa ajili yako. Kalamu imekuuma?"

"Wewe ulisoma ulichosaini?"

Nikajifanya naangalia foleni dirishani.

Khisa akaingia na orodha. "Mama Safinah, hapa shida ni Dawudi tu. Mchapishie karatasi zake, yaishe."

"Na wale hamsini wengine? Wakitetemeka mwaka wa kumi kutoka leo, nitawachapishia nini?"

"Lakini miaka saba imepita, mama. Hata sheria..."

"Hiyo ni ya kodi. Lori likishuka mzani limeondoka, hesabu ya miaka ianze. Dawudi ameondoka lini? Si yuko pale nje anakunywa uji? Mtu bado yuko motoni, wewe unasema habari zake zimezeeka!"

Khisa alikaa. Akafungua kompyuta, pengine ili asimtazame. Akahesabu. Mistari ya mzani ilizidi milioni sita. Ya damu haikufika elfu mbili.

"Banange," nikasema. "Sasa hizo ndizo zinanichelewesha?"

"Hapana," Khisa alisema polepole. "Hazina uzito wowote. Nilitumia kanuni moja kwa vyote kwa sababu ni rahisi."

"Rahisi kwako," Safinah akamwambia, bila ukali, akamsogezea kiti karibu.

Wakaandika upya. Stakabadhi za mzani za zamani zihame, isipokuwa zile ambazo kampuni bado inabishania na watu wa kodi. Vipimo vya damu vibaki, na miaka yake ianze kuhesabiwa mtu anapoacha kazi. Safinah akasaini. Jumamosi Khisa akahamisha, akalinganisha idadi ya mistari pande zote mbili, akanifungulia stakabadhi za zamani nizikague, ndipo akafuta huku kwetu. Jumatatu nilibonyeza, na kabla sijainua kikombe, imekwisha.

Daktari alipata vipimo ishirini na nane vya Dawudi. Vilipanda kama ngazi, hasa miaka ile ya mwanzo ambayo tulitaka kuitupa. Akaamuru aondolewe tanurini siku hiyohiyo na aanze matibabu.

Mzee alikuja ofisini kwa hasira. "Safinah, umenitoa kwenye moto. Miaka yote hiyo mimi ni mtu wa tanuri. Sasa mimi nani?"

Safinah akamvutia kiti. Mzee akavua kofia, akakaa.