Safu ya Tatu

Mimi ni karani wa wakili mmoja pale Ngamiani, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitenge, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwafupishia wateja amri za mahakama. Hakimu huandika kwa mfululizo, sentensi moja imebeba mambo manne. Mimi nachora safu tatu: ifanyike lini, nani afanye nini, asipofanya kitampata nini. Naanza na tarehe, kisha natafuta vitendo, mwisho nasaka kila palipoandikwa "endapo". Pasipo na adhabu siibuni. Naandika "haikutajwa".

Akaja mteja wetu kutoka Moa, mtu mzima, kanzu imenyooka kwa pasi, msimamizi wa mirathi ya baba yake. Yeye na dada yake aliyeolewa Maramba walikuwa wamefikishana mahakamani, wakapatana mbele ya hakimu, na mapatano yao yakaandikwa kuwa amri. Nikamwamkia shikamoo, nikamsomea muhtasari.

La kwanza, apeleke mahakamani orodha ya mali za marehemu ndani ya siku thelathini, na siku hizo zinahesabiwa tangu amri ilipotolewa, si tangu alipopata nakala. Asipopeleka, usimamizi wake unatenguliwa. La pili, mpaka mirathi igawanywe, asiuze shamba wala kukata mnazi hata mmoja. Akikiuka, atashitakiwa kwa kudharau mahakama na anaweza kufungwa. La tatu, kila Jumamosi amruhusu dada yake kumwona mama yao, aliyekuwa hoi kitandani nyumbani kwa mteja. Asipomruhusu: haikutajwa.

Haikutajwa kwa sababu hakuna aliyedhani itahitajika. Nani atamzuia mtu kumwona mama yake mgonjwa?

Akaweka kidole juu ya safu ya tatu, akakishusha taratibu mpaka chini.

"Binti, hapa pana adhabu gani?"

"Haikutajwa, baba. Lakini amri ni amri. Nimeandika hapo chini, ukimzuia anaweza kurudi mahakamani kulalamika kwamba umeidharau."

"Na akirudi, atasikilizwa lini?"

"Inategemea nafasi ya hakimu."

"Ahaa," akasema.

Naichukia ile "ahaa" mpaka leo. Wakili naye alimwita akamwonya kwamba yote matatu yana nguvu sawa, na yule bwana akaitikia kila neno, "Naam, naam," kama mwanachuo mbele ya maalimu.

Orodha aliipeleka kabla ya muda, imechapwa vizuri, mpaka sufuria zimo. Minazi hakuigusa. Nilisikia hata jirani aliyeokota nazi iliyoanguka alifokewa: "Unataka nikafungwe?" Ungetaka kuona mtu anayetii amri ya mahakama, ungemtazama yeye.

Jumamosi ya kwanza dada yake alipanda bodaboda kutoka Maramba, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. "Mama kalala." Jumamosi iliyofuata, mama kalala. Ya tatu, hakujibiwa kabisa. Mwanamke aliyekuwa akimfulia mgonjwa nguo ndiye aliyemfuata njiani akamwambia: mama kila siku anamuulizia bintiye, na kila siku anajibiwa, "Mwanao kakususa, mwache."

Akaenda kufungua maombi. Hakuwa mteja wetu, lakini mahakamani benchi la kungojea ni moja, na hayo alinieleza yeye mwenyewe, ukingo wa mtandio umelowa machozi. Siku ya kwanza hakimu alikuwa safarini. Siku ya pili kaka mtu akaomba muda wa kuandaa majibu, akapewa, kwa kuwa ni haki yake. Katikati ya muda huo mama akafa. Akaoshwa na watu baki, akazikwa kabla ya adhuhuri, na simu ikapigwa Maramba watu walipokuwa wanarudi kutoka makaburini.

Shauri lilipoitwa, hakimu alimuuliza dada kama anaendelea na maombi. Bado angeweza. Kosa lilikuwa limeshatendeka, na kifo hakilifuti.

"Nilitaka kumwona mama," akasema. "Huyu hata mkimfunga, mimi nitamwona nani?"

Akaomba kuyaondoa. Hakimu akakubali, kila upande ubebe gharama zake.

Mchana ule ule mteja akaja ofisini na amri mpya. Akataka muhtasari, kama kawaida. Nikachora safu zangu tatu. Lini: hakuna. Afanye nini: hakuna. Asipofanya: hakuna. Nikamsukumia karatasi.

Akausoma, safu kwa safu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nitolee kopi nyingine, binti. Nimpelekee dada yangu, ajue Jumamosi hana tena haja ya kujisumbua."