Aliyevunjika na Aliyeteguka Tu

Pikipiki iliteleza kwenye kokoto karibu na Butimba, mimi na mume wangu tukaangukia bega la kulia wote wawili. Hospitalini sikuweza kukaa wala kusimama. Nilizunguka benchi nimeukumbatia mkono, yeye nyuma yangu: "Mama watoto, wewe umeteguka tu. Acha nikuvute. Mimi ndiye niliyevunjika."

"Uniguse uone," nikamwambia.

Baada ya eksirei, daktari alitufungulia picha zote mbili kwenye kompyuta. Kwangu, kichwa cha mfupa wa mkono kilikuwa kimetoka kwenye kikombe chake, kikashuka upande wa mbavu, kikombe kikabaki kitupu. Kwake, kichwa kilikaa mahali pake, ila mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani, ulikatika katikati: kipande cha ndani kimenyanyuka, cha nje kimeinama kwa uzito wa mkono.

"Nilisema!" akashangilia, kama kashinda kitu.

Nilichomwa sindano, daktari akauvuta mkono wangu polepole mpaka bega likarudi. Picha ya pili ikathibitisha.

"Na mimi nivute basi," mume wangu akadai.

"Wako hauvutwi, baba. Unafungwa, unasubiri mfupa uunge."

Tukarudi nyumbani, kila mmoja mkono wa kulia umefungwa shingoni. Jioni akakaa mezani kusubiri ugali. Nilimkazia macho mpaka akainuka. Akashika sufuria kwa kushoto, nami mwiko kwa kushoto.

"Taratibu," akalalamika, "mimi nimevunjika."

"Shika vizuri. Ukiachia, tunalala njaa wote, aliyevunjika na aliyeteguka tu."