Tangazo Lisilosomwa

Walimwita Mama Penseli kwa sababu siku za mtihani hakukosa penseli kumi zilizochongwa, za kumwazima yeyote aliyesahau yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimamia mitihani ya taifa katika ukumbi uleule wenye paa la bati na madawati yaliyopangwa umbali wa hatua mbili. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hasira yake ilikuwa ya chini kwa chini, kama moto wa makapi, na asubuhi ile ilianza kufuka mapema.

Mtihani wa Biolojia ulipaswa kuanza saa mbili. Hadi saa mbili na robo msimamizi mkuu, ambaye peke yake alikuwa na ruhusa ya kuchukua bahasha ya mtihani kwenye chumba chenye mlango wa chuma, hakuwa ameonekana. Watahiniwa arobaini na mmoja walikaa wakitazama meza tupu. Wote walikuwa watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima waliorudi kutafuta cheti: walinzi, wauzaji wa dukani, mama wa watoto wanne. Mlangoni Mama Penseli alikuwa amepokea simu zao na kuziandikia namba, akakataa saa za mkononi zenye kioo cha kuwaka, akabandua lebo za chupa za maji, akamrudisha mlinzi mmoja aliyeingia na kikokotoo kinachohifadhi maandishi, akakiache nje.

"Mwalimu, hata kibao cha kupigia mstari kina dhambi?" aliuliza mlinzi yule.

"Kikiwa na fomula nyuma yake, kina dhambi kubwa kuliko yako."

Watu walicheka. Ndicho kicheko cha mwisho cha furaha alichokumbuka siku ile.

Msimamizi mkuu aliingia saa mbili na dakika ishirini na mbili, shati limemlowa, bahasha kwapani.

"Haya, tugawe, tugawe."

"Bado tangazo," Mama Penseli alimnong'oneza.

Tangazo lilikuwa nusu ukurasa. Lilipaswa kusomwa kabla ya kila karatasi ya mtihani, si mara moja kwa wiki: mtahiniwa asimame, apekue mifuko yake yote, ile ya ndani pia, na aliye na kitu kilichokatazwa akitoe sasa bila kosa. Bahasha ikishakatwa, simu mfukoni ni kosa, iwe imezimwa au inawaka, iwe imetumika au haijatumika.

"Walisomewa Jumatatu. Hawa si watoto, dada yangu. Tumeshachelewa."

"Kanuni inasema kila karatasi."

"Kanuni inasema pia tuanze saa mbili. Utanifundisha kazi leo?"

Mkasi ukapita kwenye bahasha. Mama Penseli akanyamaza. Alichukua karatasi zake na kuanza kugawa safu ya dirishani, na huku akigawa aliuona ukimya wake ukimfuata dawati hadi dawati.

Nusu saa baadaye, katikati ya ukumbi, kitu kililia. *Pii.* Sauti ndogo ya betri inayokata roho. Kisha tena, *pii.*

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa fundi cherehani wa dawati la kumi na saba. Alishika kiuno chake kama aliyeumwa na siafu. Sketi yake alikuwa ameishona mwenyewe, na kama mafundi wengi wa kike alikuwa ameitia mfuko wa ndani, chini ya mkanda, wa kuwekea vitu visionekane sokoni. Simu yake kubwa aliikabidhi mlangoni. Hii ilikuwa ile ndogo ya vitufe, ya wateja, iliyolala mfukoni mle tangu jana yake.

"Mama yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu, nimeisahau. Wallahi nimeisahau."

Msimamizi mkuu alikuwa ameshafika. Aliichukua mbele ya wote, akaiinua juu kama mchinjaji anayeonyesha ini.

"Umesahau! Kila mwaka wanasahau!"

"Kuna ujumbe wowote ndani?" Mama Penseli aliuliza.

"Haijalishi."

Kweli, haikujalisha. Simu ilitiwa kwenye bahasha ya ushahidi, ikafungwa kwa gundi, wakaandika muda na namba ya dawati. Fundi aliruhusiwa kuendelea na karatasi yake, kwani hakimu ni baraza la mitihani, si ukumbi. Aliendelea kuandika. Machozi yalidondoka juu ya mchoro wa figo, naye akayafuta kwa kiwiko ili wino usisambae.

Mama Penseli alijua habari za fundi huyu. Fundi alikuwa na miaka thelathini na nne, na chuo cha uuguzi alichokitaka kilipokea watu wasiozidi thelathini na tano. Simu ikihesabiwa kuwa imefichwa kwa makusudi, masomo yote saba yangefutwa na angefungiwa miaka mitatu. Basi tena, uuguzi ungebaki wimbo wa kuimba nyuma ya cherehani.

Watu walipotoka, msimamizi mkuu alimsukumia Mama Penseli fomu ya tukio.

"Tia sahihi hapa."

Aliisoma. Mstari wa nne uliandikwa kwa kalamu ya msimamizi mkuu: *Tangazo lilisomwa kikamilifu, mtahiniwa akakaidi.*

"Halikusomwa."

"Ah, shemeji." Alikuwa amemwoa binamu ya Mama Penseli, na undugu huo aliukumbuka alipouhitaji tu. "Wewe ulikuwapo. Ukisema halikusomwa, unajichoma na wewe. Tutafungiwa wote. Kwa ajili ya fundi wa nguo?"

"Kwa ajili ya mstari wa nne."

"Una watoto wanaosoma."

"Na wewe unao. Mmoja wao akikaa dawati la kumi na saba, utaandika hivi?"

Msimamizi mkuu akacheka kwa pua. Kicheko kile ndicho kilichouwasha moto. Miaka kumi na tisa ya kunyang'anya watu vikaratasi vya kukunjwa, kuwafukuza waliochelewa kwa sababu ya mvua, kuwaambia kanuni ni kanuni. Kumbe kanuni ilikuwa kamba ya kumfungia aliyekaa, na aliyesimama anaifanya mkanda wa suruali. Alivuta fomu. Katika nafasi ya maelezo ya msimamizi aliandika, akikandamiza hadi karatasi ya chini ikapata makovu: *Tangazo halikusomwa. Nilikumbusha mara moja, nikakataliwa, nikanyamaza, nikagawa karatasi.* Akatia sahihi na tarehe.

"Umeniua," alisema msimamizi mkuu.

"Nimejiandika na mimi. Soma vizuri."

Barua za baraza zilikuja baada ya miezi minne. Msimamizi mkuu alifungiwa usimamizi miaka mitano, Mama Penseli miwili. Fundi alifutiwa Biolojia peke yake. Masomo sita yalibaki, na aliruhusiwa kuirudia mwaka unaofuata. Alikuja na barua yake hadi mlango wa darasa alimofundisha Mama Penseli, sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Nimeambiwa uliniandikia ukweli. Ahsante."

"Usinishukuru."

"Sikushukuru sana, Mwalimu." "Mimi nilisahau, hilo langu. Lakini wewe ulikuwa unajua. Ungelisoma mwenyewe, kwa sauti, kabla hajakata ile bahasha. Ningejipapasa kiunoni. Dakika mbili tu. Sasa nikae mwaka mzima, niombe homa isinipate siku ya mtihani, kwa sababu mwaka wa pili sina."

Maneno yaliyomjia Mama Penseli yote yalikuwa ya kujitetea, akayameza.

"Ungenitukana ningeona sawa," alisema.

"Nikutukane nipate nini? Nina nguo za watu za kushona." Fundi alikunja barua mara nne. "Figo sikuielewa vizuri hata siku ile. Unafundisha Biolojia, au unasimamia tu?"

"Nafundisha."

"Basi Jumamosi saa tatu. Utakuja wewe dukani kwangu. Mimi siwezi kufunga."

Akaondoka bila kungoja jibu, na kwa hatua zake ungejua kwamba hajasamehe.

Jumamosi Mama Penseli alifika saa tatu kasorobo.