Tawi la Tano

Mwalimu wa kituo cha mafunzo ya mgodi, pale Likasi, alikuwa na karatasi angavu tisini za projekta kuhusu kusafisha shaba. Alinipa mimi, karani wake, nizifupishe ziwe mchoro mmoja wa karatasi, wa kubandikwa ubaoni. Nikaandika "Shaba" katikati, nikatoa matawi manne: kusaga, kutenganisha kwa povu, kulowesha kwenye asidi, kusafisha kwa umeme. Kila tawi likapata vitawi vyake. Maonyo yalikuwa yametawanyika kwenye karatasi zote tisini. Nikayakusanya kwenye tawi la tano, Hatari. Kitawi chake cha kwanza kilisema: asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Mchoro ukazidi ubao. Mwalimu akachukua mkasi.

"Asidi inaunguza, kila muntu anajua," akasema, akakata tawi la tano.

Wiki iliyofuata mwanafunzi aliyeukariri mchoro wote akamimina maji kwenye ndoo ya asidi. Ikachemka, ikamrukia machoni, akapofuka.

Mwalimu akaniagiza nilirudishe tawi, na chini yake niandike jina la yule kipofu, awe mfano wa mwanafunzi asiyesikia maonyo. Ninamchukia mwalimu huyo mpaka leo. Lakini mwandiko wa jina lile ulikuwa wangu, na niliupamba.