Mafuta ya Mzazi

Tangu mpaka wa Namanga ufunguliwe tena, Blandina wa Ganako, kule Karatu, hakupanda basi la kutoka Nairobi bila kugeuzwa karani. Alikuwa mwalimu wa ngumbaru, basi kila asiyejua kusoma alimletea kadi yake ya kuingilia nchini na fomu ya forodha. Alilalamika kidogo, lakini kusema kweli alikuwa anapenda sana.

Safari hiyo alikaa na Nanyokie, mama mtu mzima wa Kimasai, na mabegi yao yalibanana pamoja.

"Una pesa, mama? Za Kenya tunaandika zote. Za kwetu haziruhusiwi kutoka wala kuingia."

"Sina hata senti, mwalimu. Nina mafuta ya kondoo tu. Binti yangu Nareyu kajifungua, yuko kule Ngorongoro, hana nguvu. Bila kula mafuta hasimami."

Blandina alisita. Ndani ya begi lake mlikuwa na vitenge vya dada zake, mzigo mzima, na kwenye fomu yake alikuwa ameandika "nguo za kuvaa" ili asilipe ushuru. Akiandika mafuta, ataitwa bwana mifugo, mabegi yatafunguliwa, na lake ni la jirani. Basi penye chakula akaandika "hakuna", akamshika Nanyokie mkono na kumtilisha dole gumba.

Forodhani, ofisa alinusa tu. Akalitoa debe la mafuta begini mwa Nanyokie.

"Mama, ungeandika, bwana mifugo angeyatazama. Mafuta yaliyochemshwa vizuri pengine angeyapitisha. Lakini hapa umetia dole kwamba huna chakula. Haya yanataifishwa."

"Nani kakuandikia?" aliuliza mwenzake, huku akilipiga chaki ya kupita begi la Blandina bila kulifungua.

Blandina aliinamia begi lake. Alijua neno lake moja lingeweza kuyaokoa mafuta, hata kama lingemponza yeye na vitenge vyake. Nanyokie alimtazama, kisha akamgeukia ofisa.

"Mtu mmoja huko Kenya. Simjui."

Toka Namanga hadi Arusha, na toka Arusha hadi Karatu, Blandina alitazama nje ya dirisha. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Nanyokie naye hakununa. Alimpa hata nusu ya ndizi yake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Karatu waliteremka wote, kwani Nanyokie alikuwa akingoja gari la kupanda Ngorongoro. Blandina alilifungua begi palepale kando ya barabara, akatoa kitenge kizuri kuliko vyote, chekundu, kile cha dada yake mkubwa.

"Mpelekee Nareyu, mama. Tafadhali. Mimi ndiye niliyekosa."

Nanyokie alikipapasa kitenge kwa vidole, akakikunja taratibu na kumrudishia.

"Ni kizuri," alisema. "Lakini mzazi hali kitambaa, mwanangu."